Sekunde 61 za Chupa ya Chumvi: Slaidi Inapogeuzwa Simulizi ya Video

Tuchukue mfano wa afisa ugani mwenye slaidi 11 kuhusu kuhifadhi mahindi. Amezionyesha kwenye mikutano ya kata mara nyingi, na kila mara wakulima wametoka wakiwa wameelewa. Sasa ameambiwa azigeuze video ya dakika tano au sita, itumwe kwenye simu za wale wasiofika mkutanoni. Anawasha kompyuta, anasoma kila slaidi kwa sauti, anarekodi, anatuma. Jioni simu inalia: "Bwana shamba, pale pa chumvi umetupita mbio."

Slaidi zake hazina kasoro. Kilichokosekana ni yeye mwenyewe. Mkutanoni, slaidi ilikuwa na mistari mitano tu, lakini yeye aliishikilia chupa mkononi, akaitikisa, akangoja, akamuuliza mama wa mstari wa mbele anaona nini, akarudia. Hayo yote hayakuandikwa popote. Yeyote anayegeuza slaidi kuwa simulizi ya video lazima ajue kwamba nusu ya somo imo kwenye kompyuta na nusu imo kinywani mwa mtoa somo, na hiyo ya kinywani ndiyo inayopotea.

Kwa hiyo kazi haianzi kwenye slaidi. Inaanza kwa kumrekodi mtu huyo akifundisha watu halisi, hata kwa simu iliyowekwa mezani. Kama hakuna mkutano karibuni, mkalishe mtu mmoja asiyejua habari za mahindi, umwambie mwalimu amfundishe huku slaidi zikipita. Sikiliza rekodi hiyo na uandike vitu viwili tu: alichosema ambacho hakimo kwenye slaidi, na alipokaa kimya. Mahali aliponyamaza ni muhimu kama alichosema, kwa sababu pale ndipo watu walipokuwa wakitazama.

Baada ya hapo slaidi zinachambuliwa. Ile ya kwanza, yenye jina la somo na nembo ya ofisi, inatosha sekunde nne au tano, na sauti inaweza kuanza juu yake bila kuisoma. Ile ya "Yaliyomo" inaondolewa kabisa. Mtu aliyefungua video kwenye simu hahitaji kuelezwa ataelezwa nini. Ya mwisho, "Asanteni, maswali?", nayo inaondoka, maana hakuna wa kujibu. Slaidi zinazobaki ndizo zinazogawanywa kuwa maonyesho. Onyesho moja ni picha moja na jambo moja. Kanuni ninayoitumia ni rahisi: kila mara mtazamaji anapotakiwa kuangalia kitu kingine, hapo onyesho jipya limeanza. Slaidi yenye mchoro mmoja wa mfuko itakuwa onyesho moja. Slaidi yenye hatua tano inaweza kuzaa maonyesho matatu.

Tuikague slaidi ya sita, ile iliyoleta malalamiko. Kichwa chake ni "Kupima unyevu kwa chumvi", na chini yake kuna vitone vitano: chupa kavu yenye kifuniko, chumvi kavu vijiko 3, mahindi theluthi ya chupa, tikisa dakika 1 kisha acha dakika 15, na chumvi ikiganda = unyevu > 15%. Kipimo chenyewe ni cha kweli na kimetumika miaka mingi vijijini kwa wasio na kipima unyevu. Chumvi kavu hunyonya maji kutoka kwenye punje, na ikilowa hushika kwenye kioo. Punje zikiwa kavu vya kutosha, chumvi hubaki huru na kuteremka chini ya chupa.

Afisa wetu aliisoma slaidi hii kama ilivyo, kitone baada ya kitone, na akamaliza kwa sekunde zisizofika 20. Sikio halikupata nafasi hata moja ya kupumzika. Tena kitone cha tano, kikisomwa, kinatamkwa kama hesabu: "chumvi ikiganda sawasawa na unyevu zaidi ya asilimia kumi na tano." Jicho linaielewa alama, sikio linahitaji sentensi.

Kabla ya kuandika hata neno moja la simulizi, pima kasi ya msimulizi wako. Vitabu na tovuti nyingi za Kiingereza husema watu husimulia maneno 150 hivi kwa dakika, na vikokotoo vya muda vimejengwa juu ya hesabu hiyo. Ukivitumia kwa Kiswahili vitakudanganya. Kiswahili hubeba mengi ndani ya neno moja: "hatutayafungua" ni neno moja kwenye kikokotoo, lakini lina silabi saba za kutamkwa. Hivyo maneno machache yanakula muda mwingi. Mpe msimulizi ukurasa mmoja wa maelekezo, asome kwa sauti ile ile atakayotumia kwenye video, bila vituo virefu, na umpime kwa saa. Hesabu maneno aliyosoma katika dakika moja. Tuseme wetu amesoma maneno 105. Hiyo ni sawa na maneno 7 kwa kila sekunde 4. Mwingine atapata 95, mwingine 120. Namba inayofaa ni ya msimulizi wako, si ya makala hii.

Halafu vituo. Watangazaji wa redio wamezoea kuweka mikwaju kwenye karatasi zao, na sioni sababu ya kubuni alama nyingine. Mkwaju mmoja ni nusu sekunde, kiasi cha kuvuta pumzi ndogo. Mikwaju miwili ni sekunde nzima, mahali wazo linapomalizika. Neno KIMYA kwenye mabano, likifuatwa na namba, ni idadi ya sekunde ambazo msimulizi hasemi kitu kwa sababu picha ndiyo inayofanya kazi. Alama tatu zinatosha. Ukiweka saba, msimulizi atazisahau na mhariri ataanza kukupigia simu.

Slaidi ya sita, ikishapasuliwa, inasomeka hivi.

Onyesho 6A. Saa: 0:00 hadi 0:15. Picha: chupa tupu, kifuniko na bakuli la chumvi mezani.

Huna kipima unyevu? / Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, / yenye kifuniko kinachobana. // Tia chumvi kavu, / vijiko vitatu vya chakula. //

Onyesho 6B. Saa: 0:15 hadi 0:33. Picha: mkono unamimina mahindi, unafunga, unatikisa.

Ongeza mahindi mpaka yafike theluthi ya chupa. // Funga, / kisha tikisa kwa nguvu / dakika nzima. [KIMYA 3] Iache chupa itulie dakika kumi na tano. //

Onyesho 6C. Saa: 0:33 hadi 1:01. Picha: chupa mbili kando kwa kando, moja imegandwa na chumvi. Mshale utokee kwenye neno "ukuta".

Sasa tazama ukuta wa chupa. [KIMYA 4] Chumvi imeganda kwenye kioo? / Mahindi bado yana unyevu mwingi. / Yarudishe juani. // Haikuganda? / Unyevu umeshuka chini ya asilimia kumi na tano, / lakini kabla ya kuyafunga kwenye mfuko, yaanike siku moja zaidi. //

Hesabu yake inakwenda namna hii. Onyesho la kwanza lina maneno 20. Kwa kasi ya maneno 7 kwa sekunde 4, hizo ni sekunde 11 na nusu hivi. Ongeza mikwaju mitatu ya peke yake, sekunde moja na nusu, na mikwaju miwili miwili mara mbili, sekunde mbili. Jumla 15. La pili lina maneno 21, yaani sekunde 12, na vituo vyake ni sekunde 6, jumla 18. La tatu lina maneno 35, sekunde 20, na vituo vya sekunde 8, jumla 28. Slaidi nzima ni dakika moja na sekunde moja, na katika hizo zaidi ya 17 ni kimya.

Linganisha na kikokotoo cha maneno 150 kwa dakika. Maneno yote 76 kingeyapa sekunde 30, nusu ya muda unaohitajika. Anayepanga picha kwa hesabu hiyo atajikuta sauti ingali kwenye chumvi wakati skrini imeshafika kwenye mfuko. Ndipo watu wengi hufanya kosa la pili, la kumwambia msimulizi aongeze mwendo.

Kuna jambo jingine limetokea katika onyesho la tatu. Slaidi nyingine ya afisa huyu inasema mahindi ya kuhifadhi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, kiwango kilichomo kwenye viwango vya Afrika Mashariki. Kipimo cha chumvi hakionyeshi 13.5, kinaonyesha kama umevuka 15 au la. Mkutanoni pengo hilo halikuonekana, kwa kuwa kila mara kuna mtu aliyeuliza, "Kwa hiyo isipoganda ndiyo basi?" na afisa akajibu. Video haiulizwi. Mkulima angeona chumvi haikuganda, akafunga mahindi yenye unyevu wa asilimia 14 na nusu ndani ya mfuko usiopitisha hewa, na baada ya miezi kadhaa akakuta yamevunda. Sentensi ya mwisho ya 6C imewekwa kuziba pengo hilo. Siku moja zaidi ya jua ni tahadhari ya mkulima asiye na kifaa. Mwenye kipima unyevu apime. Mwandishi wa simulizi hana haki ya kubuni ushauri kama huo peke yake: anauona mwanya, anarudi kwa mwenye somo, wanakubaliana maneno. Kwa uzoefu wangu karibu kila wasilisho lina mwanya wa namna hii, na mara nyingi huonekana pale unapojaribu kuandika sentensi kamili badala ya kitone.

Turudi kwenye vituo, kwa sababu hapo ndipo kazi nzuri na mbovu hutofautiana. Mikwaju haiwekwi kwa kufuata mkato na nukta tu. Chukua sentensi hii ya slaidi ya nane: "Mahindi yaliyokaushwa haraka yafungwe kwenye mfuko." Je, yamekaushwa haraka, au yafungwe haraka? Kwenye karatasi msomaji anaweza kurudi nyuma. Kwenye sauti, kituo ndicho kinachoamua. Mkwaju kabla ya "haraka" unasema fungeni upesi. Mkwaju baada yake unasema habari za jinsi ya kukausha. Kiswahili kinapenda kuweka kielezi kati ya vitenzi viwili namna hii, na msimulizi anayeona karatasi kwa mara ya kwanza atabahatisha. Mwandishi aweke mkwaju, au bora zaidi aivunje sentensi: "Yakishakauka, / yafunge haraka."

Kuna mahali pia ambapo mkwaju hautakiwi hata kama pumzi inaelekea kwisha: kati ya jina na "-a" yake. "Mfuko / wa ndani" inamfanya msikilizaji afikirie mfuko wowote kwa nusu sekunde kabla hajaambiwa ni upi. Katika somo hili kosa hilo ni kubwa, kwani mifuko ya aina ya PICS ina tabaka tatu, mbili za plastiki ndani na moja ya nje iliyofumwa, na kila moja hufungwa peke yake. Mkulima akichanganya ndani na nje, hewa inaingia, na dumuzi anaendelea kula kama kawaida.

Namba nazo zinahitaji kuandikwa kwa maneno kwenye karatasi ya simulizi, zote. Si kwa ajili ya urembo. "13.5%" kwenye slaidi ni alama tano, na mwandishi akiitazama anaona kitu kifupi. Kinywani ni "asilimia kumi na tatu nukta tano", maneno sita. Mwaka kama 2024 unakuwa "elfu mbili ishirini na nne". Slaidi yenye jedwali la bei au la kilo ndiyo inayoponda ratiba nzima: jedwali la namba 12 likisomwa lote linaweza kumaliza dakika nzima, na hakuna atakayekumbuka hata moja. Soma namba moja, ile inayobeba hoja, uweke mikwaju miwili baada yake, na jedwali lenyewe liache skrini kwa KIMYA cha sekunde nne au tano. Mtu akitaka kuchunguza zaidi atasimamisha video.

Maneno ya kuelekeza kidole ni mtego mwingine. Mkutanoni afisa husema "kama mnavyoona hapa", na kidole kipo. Kwenye video ya simu, skrini ina upana wa kiganja na kidole hakipo. Kila "hapa", "hiki" na "pale" ibadilishwe kwa jina la kitu, na kama kitu ni kidogo, mshale uandikwe kwenye skripti pamoja na neno ambalo utatokea nalo. Ndiyo maana onyesho 6C lina maagizo ya mshale kwenye "ukuta". Agizo la "mshale utokee sekunde ya 35" litakufa siku sauti itakapobadilika kidogo. Agizo lililofungwa kwenye neno linabaki sahihi. Picha yenyewe itangulie sauti kwa kiasi kidogo sana, nusu sekunde inatosha. Jicho likishafika, neno linapokelewa vizuri. Sauti ikitangulia, mtazamaji anatafuta kitu kisichokuwapo.

Wengi wanatengeneza video ndani ya programu ile ile ya slaidi, nami sina ugomvi nao. Kwenye PowerPoint, njia nyepesi ni kuirudufisha slaidi ya sita mara tatu, kila nakala ikabeba picha ya onyesho lake, kisha kwenye `Transitions` ukaweka alama kwenye `After` na kuandika `00:15.00`, `00:18.00` na `00:28.00`. Usipoandika muda wala kurekodi sauti, wakati wa `Create a Video` programu itaipa kila slaidi sekunde 5, na hapo ndipo video nyingi za ofisi hupata ile mbio ya ajabu. Ukirekodi sauti humo humo, jua kwamba programu hairekodi wakati slaidi zinabadilishana. Neno lililosemwa sekunde hiyo limepotea. Mikwaju miwili mwishoni mwa kila onyesho imewekwa kwa ajili hiyo pia: msimulizi anamaliza, ananyamaza, anabadilisha, anangoja picha itulie, ndipo anaendelea.

Anayerekodi sauti kando na kuunganisha baadaye ana jambo moja la kukumbuka: kimya cha chumba. Kabla ya kuanza, rekodi sekunde 30 bila mtu kusema, feni ikiwa katika hali ile ile. Kimya hicho ndicho kinachojazwa kwenye KIMYA 3 na KIMYA 4. Mhariri akikata sauti kabisa badala yake, mvumo mdogo wa chumba unakatika ghafla, na mtazamaji anadhani simu yake imekwama. Anapeleka kidole, anasogeza mbele, na zile sekunde nne za kutazama chupa zimekwisha kazi.

Sauti ikisharekodiwa, andika muda halisi kando ya muda uliopanga. Onyesho la sekunde 28 likitoka 29, songa mbele. Likitoka 34, kuna tatizo kwenye maandishi, na dawa ni kupunguza maneno. Katika 6C, kwa mfano, "Mahindi bado yana unyevu mwingi" inaweza kutoka yote, kwa kuwa "Yarudishe juani" inatosha. Kituo kiwe cha mwisho kuguswa. Wahariri wenye haraka huanza na vituo, kwa vile kuvikata ni rahisi na hakuna sentensi inayovunjika. Matokeo yake ni ile video iliyompita mkulima mbio tangu mwanzo.

Majaribio mawili hufichua karibu kila kosa lililobaki. Kwanza, cheza video bila sauti. Kama picha inabadilika kabla hujamaliza kuitazama, kimya ni kifupi. Pili, igeuze simu kifudifudi usikilize tu. Kama kuna mahali hujui kinachozungumziwa ni chupa au mfuko, kuna "hiki" au "hapo" iliyobaki. Fanya yote mawili kwenye simu ya bei ya chini, nje, penye kelele za kawaida, kwani mkulima hataitazama video kwenye kompyuta ya ofisini.

Kwa slaidi 11, baada ya kuondoa zisizohitajika, tarajia kurasa tatu hadi nne za simulizi na siku moja nzima ya kazi kabla ya kinasa sauti kuwashwa. Anayekuahidi kuimaliza kwa saa moja anakusudia kukusomea vitone, na usimlipe kwa hilo.